Klipu Isiyoonyesha Ilipoanzia

Ukifungua tovuti ya hoteli ya pwani au ya duka la kahawa siku hizi, juu kabisa ya ukurasa, nyuma ya jina la biashara, mara nyingi utakuta video fupi isiyo na sauti. Minazi inayumba, pazia linapepea, mvuke unapanda kikombeni. Video inakwisha na kuanza upya muda wote ulio ukurasani. Ikiwa imetengenezwa vizuri, huwezi kusema inaanzia wapi. Ikiwa imetengenezwa vibaya, kila baada ya sekunde chache kitu kinaruka: mvuke unakatika ghafla, kivuli kinahama, picha nzima inashtuka. Jicho la binadamu ni jepesi mno kuona mtikisiko pembeni mwa kile linachokitazama, kwa hiyo msomaji aliyekuwa anasoma bei ya chumba anavutwa juu bila kutaka. Baada ya mara ya tatu anachoka na ukurasa wenyewe, hata kama hajui kilichomchosha.

Zamani kidogo, kutengeneza klipu kama hiyo kulihitaji kamera, stendi na mtu anayejua kuhariri. Leo wengi huiagiza kwa maneno tu kutoka programu za akili mnemba zinazotoa video, kama Veo ya Google, Kling, au Dream Machine ya Luma. Unaandika agizo linaloeleza unachotaka kuona, unasubiri kidogo, unapata klipu. Kuandika agizo la klipu ya kawaida si kazi ngumu. Agizo la klipu inayojirudia lina sharti moja la ziada ambalo hubadilisha karibu kila neno lake: fremu ya mwisho ya klipu lazima ikutane na ya kwanza.

Tuchukue duka la kahawa la Tanga linalotaka dele la shaba kwenye kichwa cha tovuti yake. Mwenye duka akiachiwa aandike mwenyewe, ataandika takriban hivi: "Dele la kahawa linaanza kuchemka asubuhi, jua linachomoza, kamera inalikaribia polepole, video ijirudie bila kukatika." Ni agizo la mtu mwenye jicho zuri, na klipu itakayotoka itapendeza ikitazamwa mara moja. Lakini ndani yake mna mambo matatu yanayokwenda upande mmoja tu. Dele likianza kuchemka haliwezi kurudi kuwa baridi ndani ya sekunde nane. Jua likichomoza, mwanga wa mwisho ni mkali kuliko wa mwanzo. Kamera ikikaribia, dele la mwisho ni kubwa kuliko la kwanza. Klipu ikifika mwisho na kuanza upya, vitu hivyo vitatu vinarudi nyuma kwa pamoja ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Maneno "ijirudie bila kukatika" hayawezi kuokoa chochote hapo, kwa sababu yanaamuru matokeo huku maneno mengine yote yakieleza tukio lisiloweza kuleta matokeo hayo.

Kwa hiyo kabla ya kuandika neno lolote, amua ni kitu gani kitatembea. Mwaka 2011 wapiga picha wawili wa New York, Kevin Burg na Jamie Beck, walianza kutengeneza picha ambazo karibu kila kitu kimetulia na sehemu moja tu inacheza: nywele zinapepea, teksi inapita kiooni, mtu mwenyewe hatikisiki. Walichokifanya kwa mkono ndicho kinachofaa zaidi katika agizo la leo. Chagua mwendo mmoja, au miwili midogo, na vingine vyote viwe kimya. Na mwendo huo uwe wa aina ambayo sekunde yake yoyote inafanana na nyingine. Mvuke ni hivyo. Moto wa mkaa ni hivyo, na pia majani kwenye upepo mwanana, maji ya kisima yenye viwimbi, pazia la dirishani. Mtu anayetembea si hivyo, kwa sababu ana anakotoka na anakokwenda. Wenye hoteli za pwani hupenda sana jahazi linalopita baharini, nami huwaambia kila mara walichague lililotia nanga. Jahazi linalopita lazima litoke kwenye picha, na likitoka, lazima lirudi mahali lilipoanzia kwa kuruka. Lililotia nanga linapanda na kushuka na mawimbi, na hilo linaweza kuendelea hadi kesho.

Mawimbi ya ufukweni yanadanganya. Yanaonekana kama yanajirudia, lakini kila wimbi huacha mstari wa mchanga uliolowa, na mstari huo hukauka taratibu kabla wimbi jingine halijaufikia. Klipu inayokatika mchanga ukiwa umekauka na kuanza ukiwa umelowa itaonekana mara moja. Ukitaka bahari, agiza maji ya mbali, sio ukingo.

Jambo la pili ni picha ya kuanzia. Programu nyingi za sasa hukuruhusu kuzipa picha mbili pamoja na maneno: moja ya fremu ya kwanza, nyingine ya fremu ya mwisho. Veo 3.1, Kling na Dream Machine zote zina nafasi hizo mbili. Kwa klipu inayojirudia, unaweka picha ile ile katika nafasi zote mbili. Hapo mtu hudhani kazi imekwisha, kumbe ndipo inapoanza, maana picha kufanana ni nusu tu ya sharti.

Mfikirie mtoto kwenye pembea. Ukimpiga picha anapopita katikati akienda mbele, na ukampiga tena anapopita katikati akirudi nyuma, picha hizo mbili zitafanana kabisa. Lakini ukiziunganisha, mtoto aliyekuwa anarudi nyuma ataanza ghafla kwenda mbele, na kila mtazamaji ataona kwamba kuna kitu kimevunjika. Kinachotakiwa kukutana kwenye kiungo ni mahali kitu kilipo, pamoja na upande kinakokwenda na kasi yake. Picha mbili zinazofanana zinahakikisha la kwanza. La pili na la tatu lazima yaletwe na maneno.

Bila maneno hayo, programu hufanya moja ya makosa mawili. Kosa la kwanza ni kutofanya chochote: ikipewa mwanzo na mwisho vinavyofanana, njia rahisi kabisa ya kutoka hapa kwenda pale ni kubaki pale pale, kwa hiyo unapata picha iliyoganda yenye mtetemo mdogo usio na maana. Kosa la pili ni kwenda na kurudi. Mvuke unapanda kwa sekunde nne, kisha unaanza kujikusanya na kurudi kwenye umbo lake la mwanzo, kana kwamba mdomo wa dele unauvuta. Katika nusu sekunde ya mwisho utaona mwendo unapungua kasi, picha inatulia, halafu klipu inaanza upya na mvuke unaongeza kasi tena. Hakuna mruko, lakini kuna kigugumizi kila mara kwenye kiungo.

Dawa ya makosa yote mawili ni kuandika kwamba mwendo ulikuwepo kabla ya klipu kuanza na utaendelea baada ya klipu kwisha. Hivi ndivyo ningeliandika agizo la duka lile la Tanga:

"Kamera imefungwa kwenye stendi, haisogei, haikaribii, haigeuki. Dele la shaba limekaa juu ya jiko la mkaa upande wa kulia wa picha. Nyuma yake ni ukuta wa chokaa ulio kivulini. Nusu yote ya kushoto ni ukuta mtupu, hafifu, usio na kitu. Mvuke mwembamba tayari unapanda kutoka mdomo wa dele katika fremu ya kwanza, unaendelea kupanda kwa kasi ile ile bila kupungua wala kuongezeka, na katika fremu ya mwisho bado unapanda kwa kasi hiyo hiyo. Makaa yanang'aa na kufifia kidogo sana, polepole, kwa mpigo ulio sawa. Mwanga wa dirisha haubadiliki nguvu wala rangi tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna mtu, mkono, mdudu wala kitu kinachoingia au kutoka kwenye picha. Hakuna sauti."

Sentensi ya kwanza inahusu kamera kwa sababu programu hizi hupenda kusogeza kamera hata zisipoombwa. Ukisema tu "kamera imetulia" mara nyingine huelea kidogo, kama imeshikwa mkononi. Kutaja stendi, kisha kukanusha kila aina ya mwendo kwa jina lake, hupunguza tatizo hilo sana.

Ukuta mtupu wa kushoto ni wa maandishi. Jina la duka na kitufe cha kuagiza vitakaa juu ya video, na herufi nyeupe zikipita juu ya mvuke mweupe hazisomeki. Ndiyo maana mvuke uko kulia na kushoto ni hafifu. Kuna jambo la simu pia la kuliangalia mapema: kwenye skrini iliyosimama, kivinjari hukata pande za video ili ijaze nafasi, na kitu kilicho pembeni kabisa hupotea. Dele liwe kulia, lakini lisibane ukingo.

Sentensi ya mvuke ndiyo moyo wa agizo. Neno "tayari" lina kazi kubwa ndani yake. Linaambatana na picha ya kuanzia, ambayo nayo lazima iwe na mvuke uliokwisha kupanda hadi juu. Ukitoa picha ya dele lisilo na mvuke halafu ukaagiza mvuke, programu italazimika kuuanzisha na kuufuta ndani ya sekunde zile zile, na hakuna maneno yatakayoizuia. Katika picha yenyewe mvuke uwe na umbo lililotawanyika, lisilo na alama ya kukumbukwa. Mvuke wenye kitanzi kizuri hewani unapendeza kwenye picha ya ukutani, lakini kwenye klipu, mtazamaji atakiona kitanzi kile kile kikirudi kila sekunde nane na siri itakuwa imefichuka.

Kuhusu mwanga, tatizo lake halionekani kirahisi. Programu hizi zina tabia ya kubadilisha rangi taratibu kadiri klipu inavyoendelea: kivuli kinazidi kuwa cheusi, au shaba inazidi kuwa ya chungwa. Ndani ya klipu yenyewe hutaona, kwa sababu mabadiliko ni ya polepole. Utayaona kwenye kiungo, pale rangi inaporudi mwanzo kwa mara moja, kama mtu aliyepepesa taa. Sentensi ya mwanga usiobadilika husaidia, na kutotaja asubuhi, machweo au neno lolote la wakati unaopita husaidia zaidi.

Mpigo wa makaa sikuupa sekunde. Kwa hesabu, katika klipu ya sekunde 8 mpigo wa sekunde 2 au 4 ungeingia sawasawa na kufika mwisho ukiwa pale ulipoanzia, ila programu za video hazihesabu kwa usahihi huo. Ni salama zaidi kuufanya mpigo uwe mdogo kiasi kwamba usipokutana vizuri hakuna atakayejua. Jambo lingine: baadhi ya programu hufuata maelekezo ya Kiingereza vizuri kuliko ya Kiswahili, kwa hiyo wabunifu wengi huliandika agizo kwa lugha wanayofikiria, kisha hulitafsiri kabla ya kulituma. Mpangilio wa sentensi haubadiliki.

Klipu ikishatoka, usiitazame mara moja tu. Mtazamo wa kwanza unaonyesha uzuri, na uzuri sio swali letu kwa sasa. Iunganishe mara nne mfululizo kwa programu ya ffmpeg, ambayo ni ya bure:

```
ffmpeg -stream_loop 3 -i klipu.mp4 -c copy jaribio.mp4
```

Kisha weka karatasi au ukurasa wowote wenye maandishi kando ya skrini na uusome huku video ikicheza pembeni. Ukijikuta umeinua macho, kiungo kinaonekana. Rudi ukipitie fremu moja moja. Ikiwa kitu kimehama mahali, tatizo ni kamera au umbo. Ikiwa vyote viko mahali pake lakini picha imewaka au imefifia, tatizo ni mwanga. Ikiwa hakuna kilichohama na bado unahisi kusita, tatizo ni kasi.

Kuna kusita kumoja kunakosababishwa na hesabu tu. Veo hutoa fremu 24 kwa sekunde, hivyo klipu ya sekunde 8 ina fremu 192. Ikiwa fremu ya mwisho ni nakala halisi ya ile ya kwanza, klipu inapojirudia picha hiyo moja itaonekana mara mbili mfululizo, na mwendo utasimama kwa muda wa fremu moja. Ondoa ya mwisho, zibaki 191:

```
ffmpeg -i klipu.mp4 -frames:v 191 -an klipu2.mp4
```

Hiyo `-an` inaondoa sauti, na ina faida kuliko inavyoonekana. Programu zinazotoa video pamoja na sauti huweka njia ya sauti hata ikiwa kimya, na njia hiyo ikiwa ndefu kuliko picha kwa sehemu ndogo ya sekunde, kivinjari huweza kuishikilia fremu ya mwisho kikisubiri sauti iishe. Watu wamepoteza muda mwingi wakirekebisha agizo lisilo na kosa kumbe tatizo lilikuwa hapo.

Mvuke ukikataa kabisa kukutana, kuna njia ya zamani ya wahariri ambayo naiamini kuliko agizo lolote. Kata klipu katikati na ubadilishe nafasi za nusu zake: ya pili ije mbele, ya kwanza iende nyuma. Sasa klipu mpya inaanza na kumalizika pale palipokuwa katikati ya ile ya zamani, ambapo fremu mbili zilifuatana kwa asili, kwa hiyo mahali, upande na kasi vyote vinakutana bila kulazimishwa. Kiungo kibaya kimehamia katikati, na hapo unakificha kwa kufifisha nusu moja ndani ya nyingine kwa sekunde nzima:

```
ffmpeg -i klipu.mp4 -filter_complex "[0:v]split[a][b];
[a]trim=4:8,setpts=PTS-STARTPTS,fps=24[p];
[b]trim=0:4,setpts=PTS-STARTPTS,fps=24[q];
[p][q]xfade=duration=1:offset=3,format=yuv420p" -an kitanzi.mp4
```

Unabaki na sekunde 7, kwa sababu sekunde moja imetumika kufunikana. Mvuke juu ya mvuke hauonekani kuwa mvuke miwili, na rangi iliyokuwa imehama inarudi taratibu badala ya kuruka. Kwa njia hii hata picha ya mwisho haihitaji kulazimishwa ifanane na ya kwanza, na mwendo unaotoka huwa huru zaidi, bila kuvutwa kurudi. Lakini njia ina mpaka wake. Vitu vyenye kingo kali lazima viwe vimetulia kabisa. Kamera ikiwa imeelea hata kidogo, katika ile sekunde ya kufunikana utaona mpini wa dele ukiwa na kivuli pacha. Majani makubwa ya mgomba yanayoyumba huonekana mawili mawili kwa namna hiyo hiyo. Kwa hiyo sentensi ya kamera kwenye agizo haikwepeki, hata ukijua utakata na kufunika baadaye.

Kwenye ukurasa wenyewe video huwekwa hivi:

```
<video autoplay muted loop playsinline poster="kahawa.jpg">
  <source src="kitanzi.mp4" type="video/mp4">
</video>
```

Bila `muted` vivinjari vingi hukataa kuianzisha video yenyewe, na bila `playsinline` simu ya iPhone huweza kuifungua ijaze skrini nzima. `poster` ni picha inayoonekana video inapopakuliwa. Itoe kwenye fremu ya kwanza ya klipu ya mwisho kabisa, ile iliyokwisha kukatwa na kufunikwa, si ile picha uliyoipa programu mwanzoni. Vinginevyo unakuwa na mruko mmoja wa ziada pale picha inapokuwa video, na huo ndio wa kwanza mgeni kuuona.

Uzito wa faili nao unahusu watu wetu moja kwa moja. Mteja anayefungua tovuti kwa bando la siku hapaswi kulipia megabaiti 20 za mvuke. Ukuta uliotulia husaidia hapa, kwa sababu sehemu isiyobadilika hubanwa kwa urahisi, na klipu kama yetu inaweza kubanwa hadi megabaiti chache bila kuharibika. Kwenye simu naona ni heshima kuonyesha `poster` peke yake. Vivyo hivyo kwa mtu aliyeweka kwenye kifaa chake kwamba hataki mwendo, kwa sababu unamtia kizunguzungu: kivinjari huujulisha ukurasa kwa `prefers-reduced-motion`, na ukurasa unapaswa kutii. Mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazofikika na wote, WCAG, unataka mwendo wowote unaojianzisha, unaozidi sekunde 5 na unaoonekana pamoja na maudhui mengine uwe na njia ya kuusimamisha. Klipu inayojirudia haina mwisho, hivyo kitufe kidogo cha kusitisha kiwepo pembeni.

Hifadhi pamoja picha ya kuanzia, agizo lenyewe, jina la programu na toleo lake, na amri za kukata ulizotumia. Duka likibadilisha dele, au mwenye duka akitaka ukuta wa rangi nyingine, unabadilisha picha ya kuanzia na sentensi mbili za agizo, kisha unapita njia ile ile ya majaribio kuanzia klipu nne mfululizo.